Shajara ya mradi: vioo vitatu vya saluni moja, Lubumbashi

Tarehe 2 Septemba

Kazi imetoka kwa mama mmoja mwenye saluni ya nywele katika komini ya Kampemba. Anataka kubomoa mapambo ya zamani na kuweka vioo vitatu vipya, viti vitatu vyeusi na vigae vyeupe vya maziwa vinavyong'aa, lakini kabla ya kumlipa fundi anataka kuona picha ya chumba kitakavyokuwa. Mimi huandaa picha za namna hiyo kwa SDXL, modeli ya akili bandia inayochora picha, kwenye kompyuta ya ofisini: ninaandika prompti, yaani maelezo ya chumba, na modeli inachora. Kwa vyumba vya kulala na sebule njia hii imenitosha miaka yote hii, kwa sababu sebule ya kawaida ina kioo kimoja kidogo ambacho hakuna anayekichunguza. Katika saluni kioo ndicho kitu cha kwanza ambacho mteja anakitazama.

Prompti ya kwanza ilikuwa fupi:

```
hair salon interior, three framed mirrors on left wall,
three black salon chairs, cream polished tile floor,
mirrors reflecting the chairs, no people, daylight
```

Nilitoa picha nane. Kwa mbali zote zilipendeza. Kwa karibu, kila moja ilikuwa na kasoro ya aina yake: moja ilikuwa na viti vitatu chumbani na vitano viooni, nyingine ilikuwa na dirisha la barabarani ndani ya kila kioo, na ya sita ilikuwa na mwanamke aliyevaa aproni ndani ya kioo cha kati ilhali mbele ya kioo hapakuwa na mtu. Nilimwonyesha mama picha hiyo ya sita kwa sababu rangi zake zilikuwa nzuri kuliko zote. Aliikazia macho kwa muda, kisha akaniuliza kwa Kiswahili chetu cha hapa: «Papa, uyu muntu wa mu kioo ni nani? Mu saluni hamuna muntu.» Sikuwa na jibu la kumpa siku hiyo.

Tarehe 4 Septemba

Nimerekebisha prompti kabla ya kugusa kitu kingine, kwa kuwa makosa mawili yalikuwa yangu mwenyewe.

Kosa la kwanza ni maneno «no people». Sehemu ya modeli inayosoma maandishi haielewi ukanushaji kama tunavyouelewa sisi. Inalichukua neno la watu na kulipa uzito, na neno dogo linalolikana linapotea njiani. Nimeliondoa, nimeandika «empty room», na neno la watu nimelihamishia kwenye kisanduku cha `Negative prompt`, yaani prompti ya kukana, ambamo huandikwa visivyotakiwa. Katika picha nane zilizofuata hakutokea mtu hata mmoja.

Kosa la pili ni «mirrors reflecting the chairs». Nilidhani ninaeleza tabia ya kioo, kumbe modeli ilisoma kwamba ndani ya kioo kunatakiwa viti, ikavichora kama inavyochora viti vingine vyovyote. Dalili yake ilionekana wazi nilipoikuza picha: kiti kilichokuwa chumbani kilinionyesha mgongo, na kile cha kiooni pia kilinionyesha mgongo, kwa pembe ile ile, kama picha iliyonakiliwa na kubandikwa. Kiti kinachokitazama kioo kikitupa mgongo sisi, ndani ya kioo lazima tuuone upande wake wa mbele wenye mto. Mgongo ule ule ukionekana mara mbili ni kosa, wala hakuna haja ya kupima chochote ili kulijua.

Niliongeza pia neno «duplicate» kwenye prompti ya kukana, kama wengi wanavyoshauri, na sikuona tofauti yoyote. Modeli haihesabu viti. Haijui kwamba kiti cha kiooni na kiti cha chumbani ni kiti kimoja, kwa hiyo haina namna ya kujua kwamba imerudia kitu. Imejifunza kutokana na picha nyingi mno kwamba ndani ya fremu ya kioo huwa kuna rangi na maumbo yanayofanana na ya chumba, basi inajaza maumbo yanayofanana.

Baada ya marekebisho haya viti vya ziada vilipungua, lakini dirisha la barabarani liliendelea kukaa viooni. Ndipo nilipojiuliza swali ambalo ningepaswa kuanza nalo: je, kutoka pale nilipoiweka kamera, vioo hivi vingeonyesha nini hasa? Niliona aibu kidogo kwamba sikulijua jibu.

Tarehe 7 Septemba

Leo kompyuta haikuwashwa kabisa, kwanza kwa sababu umeme ulikatika kuanzia asubuhi, pili kwa sababu kazi yenyewe ilihitaji karatasi ya miraba, rula na penseli.

Chumba kina upana wa mita 4 na urefu wa mita 6. Mlango na dirisha la barabarani viko kwenye ukuta mfupi wa mbele. Vioo vitatu vitakuwa kwenye ukuta wa kushoto, kila kimoja kikiwa na upana wa sentimita 80, kikianza sentimita 90 kutoka sakafuni na kuishia mita 2.10. Ukipima kutoka ukuta wa mbele, kioo cha kwanza kinaanza mita 1.50, cha pili mita 3.00, cha tatu mita 4.50. Mbele ya kila kioo kuna kiti kinachokitazama, na kiegemeo chake kiko mita 1.15 kutoka ukutani. Benchi la kusubiria liko ukuta wa kulia. Ukuta wa nyuma una mlango wa stoo upande wa kulia.

Kamera nimeiweka karibu na mlango wa kuingilia: mita 3 kutoka ukuta wa vioo, nusu mita kutoka ukuta wa mbele, kimo cha mita 1.50, ikiwa imegeuzwa kushoto kidogo.

Njia ya kujua kioo kinaona nini ni ya zamani na ni nyepesi. Kioo bapa huweka taswira ya kitu nyuma yake kwa umbali ule ule ambao kitu chenyewe kiko mbele yake. Kwa hiyo badala ya kuhangaika na miale inayogonga na kurudi, unaichora kamera pacha upande wa pili wa ukuta, mita 3 nyuma yake, halafu unakichukulia kila kioo kama tundu lililotobolewa ukutani. Kamera pacha inachokiona kupitia tundu hilo ndicho ambacho kamera halisi itakiona ndani ya kioo, kikiwa kimegeuzwa kulia na kushoto tu.

Nilivuta mistari kutoka kamera pacha kupitia kingo za kila tundu. Kioo cha kwanza kinaona ukuta wa kulia, kuanzia karibu mita 2.8 hadi 4.7, yaani sehemu kubwa ya benchi. Kioo cha pili hakiufikii kabisa ukuta wa kulia. Kinaona ukuta wa nyuma pale penye mlango wa stoo. Kioo cha tatu kinaona kipande chembamba cha ukuta wa nyuma, kushoto, ambapo hapana kitu chochote. Dirisha la barabarani liko nyuma ya kamera na mistari yote inaelekea mbele, kwa hiyo hakuna kioo hata kimoja kinachoweza kulionyesha.

Vioo vitatu vilivyo kwenye ukuta mmoja, vyenye ukubwa mmoja, vinaona mambo matatu tofauti. Katika picha zangu kumi na sita hakuna hata moja iliyokuwa hivyo. Modeli ilikuwa ikikijaza kila kioo na toleo jingine la kile cha jirani.

Kilichonishangaza zaidi ni viti. Nilikuwa na hakika kwamba kila kioo kitaonyesha kiti kilicho mbele yake. Nilipovuta mstari kutoka kamera hadi kwenye taswira ya kiegemeo cha kiti cha pili, ulikata ukuta kati ya mita 2.38 na 2.81, na hapo hapana kioo, kwa kuwa kioo cha kwanza kinaishia 2.30 na cha pili kinaanzia 3.00. Kiti cha pili, basi, hakionekani katika kioo chochote. Taswira ya kiegemeo cha kiti cha tatu inakata ukuta kati ya 3.46 na 3.90, kwa hiyo robo tatu yake hivi inaonekana, na inaonekana katika kioo cha pili, si cha tatu! Kiti cha kwanza kinaonyesha takriban nusu ya kiegemeo chake kwenye ukingo wa kioo cha kwanza. Kioo cha tatu ni kitupu.

Nilirudia mahesabu mara mbili. Kisha nilikwenda saluni ya jirani anayenifahamu, nikasimama karibu na mlango wake, na kweli kiti nilichokiona ndani ya kioo hakikuwa kile kilichowekwa mbele ya kioo hicho. Nimeingia humo miaka mingi bila kuliona jambo hilo.

Tarehe 12 Septemba

Sasa ninajua ninachokitaka, lakini kujua hakutoshi, kwa sababu maneno hayana uwezo wa kuiambia modeli kwamba kiti cha tatu kionekane katika kioo cha pili. Nilijaribu kuandika hivyo hivyo, na matokeo yalikuwa mchanganyiko usio na mpango. Hapa inatakiwa ControlNet, ambayo huilazimisha modeli kufuata umbo la chumba kutokana na ramani ya kina, yaani picha ya kijivu ambamo kilicho karibu ni cheupe na kilicho mbali ni cheusi.

Nilijenga chumba kwa Blender, programu ya kuunda maumbo ya pande tatu, kwa masanduku matupu: kuta, viti vya umbo la msingi, benchi, mlango. Kamera nimeipa upana wa nyuzi 80 kwa mlalo, ambao kwa ukubwa wa picha wa 1216 × 832 unatoa nyuzi 60 kwa wima. Nikatoa ramani ya kina, nikaigeuza ili weupe uwe karibu, nikaipeleka kwenye ControlNet na kuweka `Preprocessor: none`, kwa kuwa ramani ilikuwa tayari.

Vioo vilitoka kama mbao zilizopakwa rangi. Katika picha mbili vilikuwa mabango yenye picha za mitindo ya nywele, tena mizuri. Sababu yake ni kwamba ramani ya kina hupima umbali wa uso wa kwanza unaokutana nao, na uso wa kioo ni bapa kama wa ubao. Ramani yangu iliiambia modeli kwamba pale ukutani kuna kitu bapa, nayo ikatii.

Dawa ilitoka kwenye ile karatasi ya tarehe 7. Ikiwa kioo ni tundu na nyuma yake kuna chumba pacha, basi nikijenge chumba hicho kweli. Niliweka ukuta wa vioo kwenye sifuri ya mhimili wa X, nikatoboa matundu matatu, nikachagua vitu vyote vya chumba isipokuwa ukuta huo, nikaweka kitovu cha kugeuzia kwenye `3D Cursor` iliyo sifuri, halafu nikabonyeza:

```
Shift+D   Esc
S   X   -1   Enter
```

Chumba kizima kikajinakili upande wa pili kikiwa kimepinduliwa. Kwa kuwa vioo vyote vitatu viko kwenye ukuta mmoja, chumba pacha kimoja kinatosha kwa vyote. Kungekuwa na kioo ukutani pa nyuma, kingehitaji pacha wake mwenyewe. Ramani mpya ya kina ilionyesha, ndani ya tundu la pili, kiegemeo cha kiti cha tatu kikiwa kimesimama mahali pake barabara, kikionekana kuanzia sentimita 67 kwenda juu, kwa sababu kilicho chini ya hapo kinafichwa na ukingo wa chini wa kioo.

Tarehe 15 Septemba

Tundu lilileta tatizo jipya, ambalo nilikuwa nimelitarajia nusunusu: modeli iliona matundu ikachora vijia vya kupita kwenda chumba cha pili, na katika picha moja vigae vilitiririka hadi ndani kama kwenye korido. Nimeongeza fremu ya mbao yenye unene wa sentimita 3 kuzunguka kila tundu, na kutaja `framed mirror` kwenye prompti. Vilevile nimepunguza `Ending Control Step` hadi 0.7, ili katika hatua za mwisho modeli iwe huru kuweka mng'ao wa kioo na kulainisha kingo za masanduku. Nilipoishusha hadi 0.4, kiti cha kiooni kilianza kuhama mahali pake, kwa hiyo nimebaki kwenye 0.7.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini nisikamilishe picha yote katika Blender, ambayo inajua kuakisi kwa usahihi. Ningeweza, lakini mama amekwishabadilisha rangi ya mbao mara tatu na aina ya viti mara mbili, na kutengeneza kila kiti kwa mkono kungenigharimu siku ambazo hajalipia.

Tarehe 18 Septemba

Umbo limekaa vizuri, ila yaliyomo ndani ya vioo ni ukungu. Kioo cha kwanza kina upana wa pikseli 216 hivi kwenye picha, cha pili 104, cha tatu 62 tu. SDXL haichori moja kwa moja kwenye pikseli. Inafanya kazi kwenye gridi iliyopunguzwa mara nane kila upande, kwa hiyo kioo cha pili kinapata vyumba 13 vya gridi kwa upana, na cha tatu vinane. Ndani ya vyumba 13 inapaswa itoshe fremu, mlango wa stoo na kiegemeo. Haishangazi kwamba kitasa cha mlango kilionekana kama doa la chai.

Nimefanya inpainting, yaani kuchora upya sehemu moja tu ya picha, kwa kila kioo peke yake. Nilipaka barakoa ndani ya fremu tu, nikachagua `Inpaint area: Only masked` ili programu ikikuze kipande hicho hadi ukubwa kamili, ikichore, kisha ikirudishe mahali pake. Kila kioo kilipata prompti yake fupi, inayotaja tu vile ambavyo karatasi inaruhusu. Hii ni ya kioo cha pili:

```
mirror surface, plain white wall, brown wooden door,
front of one black padded chair backrest
```

Neno «salon» limeachwa kwa makusudi, kwa sababu kila nilipoliandika, modeli ilileta chupa, taa na viti vya saluni nzima ndani ya fremu ndogo. `Denoising strength`, yaani kiasi ambacho modeli inaruhusiwa kuibadilisha picha, ikiwa 0.45 ilisafisha picha bila kuhamisha vitu, kwenye 0.7 mlango uligeuka kuwa kabati. Kioo cha tatu nilikiandikia ukuta mweupe mtupu, na hicho ndicho kilichonisumbua kuliko vyote, kwa kuwa modeli haipendi kuacha kioo bila kitu. Mwishowe nilikipaka rangi ya ukuta kwa mkono, kivuli kikiongezeka kidogo upande mmoja, na nikapitisha inpainting ya 0.25 juu yake.

Kitasa cha mlango wa stoo kiko kulia chumbani. Ndani ya kioo nilihakikisha kiko kushoto.

Tarehe 21 Septemba

Siku ya ukaguzi. Kuna kipimo kimoja ninachokitumia sasa kabla ya picha kutoka ofisini, na hutumiwa pia na wanaochunguza picha za kughushi. James O'Brien na Hany Farid walichapisha kazi juu yake mwaka 2012. Unachukua nukta moja ya kitu na nukta hiyo hiyo kwenye taswira yake kiooni, unavuta mstari unaopita kwenye zote mbili, kisha unafanya vivyo hivyo kwa nukta nyingine. Kwa kuwa kila nukta na taswira yake zimepangana kwa mstari ulio wima kwa uso wa kioo, mistari yote hiyo ni sambamba chumbani, na katika picha lazima ikutane mahali pamoja.

Kwa kamera yangu mahali hapo pako nje ya picha: pikseli 427 kushoto kwa ukingo, kwenye kimo cha katikati ya picha. Nilipanua turubai, nikaweka alama, nikavuta mistari minne: pembe ya juu ya kiegemeo cha kwanza, pembe ya juu ya kiegemeo cha tatu, na pembe mbili za juu za mlango wa stoo. Mitatu ilipita karibu na alama. Wa nne, wa pembe ya kulia ya mlango, ulipita juu yake kwa pikseli 90. Nilitazama upya nikaona kwamba wakati wa inpainting mlango wa kiooni ulikuwa umeongezeka kimo kidogo kwenye pembe hiyo. Jicho halikuwa limeligundua hilo. Nimerudia kioo cha pili na `Denoising strength` ya 0.35.

Benchi haliwezi kukaguliwa hivi, kwa sababu lenyewe haliko ndani ya picha; linaonekana kiooni tu. Mama aliliuliza hilo akidhani ni kosa jingine la mtu asiyekuwepo. Nilimwonyesha karatasi, na yeye mwenyewe akaufuata mstari kwa kidole hadi ukuta wa kulia.

Tarehe 25 Septemba

Sakafu. Kigae kinachong'aa ni kioo kilicholazwa chini, na kanuni zake ni zile zile, isipokuwa kwamba chumba pacha kiko chini ya miguu yetu. Kwa hiyo taswira ya mguu wa kiti inaanzia pale pale mguu unapogusa kigae na kushuka wima. Mwanya wowote kati ya mguu na taswira yake unamaanisha kwamba kiti kinaelea. Sakafu pia huonyesha upande wa chini wa vitu: chini ya kiti tunapaswa kuona tumbo la kiti, si mto wake wa juu, ilhali modeli huvipindua vitu kama karata na kuuonyesha mto.

Taa ndiyo iliyonifundisha zaidi. Katika kila picha modeli iliweka duara la mwanga unaong'aa sakafuni chini kidogo ya taa ya dari, na mimi nililipenda. Dari iko mita 2.80 juu, kwa hiyo taswira ya taa iko mita 2.80 chini ya sakafu. Taa yenyewe iko kama mita 4.1 kutoka kamera. Ukivuta mstari kutoka kamera hadi kwenye taswira hiyo, unakata sakafu mita 1.4 tu mbele ya kamera. Picha yangu inaanza kuiona sakafu kwenye mita 2.6. Taswira ya taa, basi, iko nje ya picha kabisa, na lile duara zuri halina haki ya kuwepo. Mwanga laini uliotawanyika chini ya taa unaruhusiwa. Umbo la taa haliruhusiwi. Nimelifuta katika picha zote.

Jambo jingine ni nguvu ya kuakisi. Kigae kilichopakwa ute wa kioo huakisi kidogo unapokitazama karibu na miguu yako na huakisi sana unapokitazama mbali kwa pembe ya chini. Kwa kamera yenye kimo cha mita 1.50, sakafu iliyo mita 1.5 mbele inarudisha karibu asilimia 5 ya mwanga, na ile iliyo mita 5 mbele inarudisha asilimia 22 hivi. Modeli hupaka mng'ao sawasawa kotekote, na hapo sakafu huonekana kama imemwagikiwa maji. Nimeacha sakafu ya mbali iakisi mlango wa stoo waziwazi, na ya karibu nimeipitisha inpainting kwa maneno `satin tile` badala ya `mirror-like`, barakoa ikiwa na ukingo laini ili mpaka usionekane.

Tarehe 29 Septemba

Picha ya pili, inayotazama barabarani, ilikuwa rahisi kwa sababu ni ya mchana. Kioo cha dirisha cha unene mmoja kinarudisha kama asilimia 8 tu ya mwanga kinapotazamwa kwa uso, na nje kunapokuwa na jua asilimia hizo humezwa. Zinabaki kuonekana pale tu ambapo nyuma ya kioo pana giza, na kwetu ni kwenye shina la jakaranda lililo ng'ambo ya barabara. Niliruhusu taswira hafifu ya kiegemeo kimoja ndani ya shina hilo, nikafuta nyingine zote. Mama aliomba pia toleo la usiku. Nimemweleza kwamba usiku dirisha lote linakuwa kioo cha nne kinachokitazama chumba kizima, pamoja na mtu aliyeshika kamera, na kwamba hiyo ni kazi yenye bei yake.

Tarehe 3 Oktoba

Mama amekubali picha zote mbili, na fundi amechukua nakala yenye vipimo. Ombi moja limebaki: anataka mteja aliyeketi, uso wake ukionekana kiooni, kwa ajili ya bango la mlangoni. Alipendekeza kiti cha pili kwa kuwa kiko katikati ya picha. Nilirudi kwenye karatasi na kichwa kilicho mita 1.20 juu. Akiketi kiti cha pili, taswira ya uso inaangukia ukutani kati ya vioo, hivyo haonekani popote. Akiketi cha tatu, linaonekana sikio tu kwenye ukingo wa kioo cha pili. Kiti cha kwanza ndicho pekee kinachotoa uso, tena karibu kabisa na fremu. Nimemwandikia mama kwamba ama mteja akae kiti cha kwanza, ama niisogeze kamera na kuanza karatasi upya. Amejibu kwamba atakuja kesho tuichore pamoja, na nimwekee rula yake.